Deni au Hisa: Mtaji wa Biashara Ndogo kwa Muislamu Aishiye Ughaibuni

*Maandishi ya mhadhara uliotolewa Rockville, Maryland, katika mfululizo wa darasa za Ramadhani, baada ya sala ya Tarawehe. Yamehaririwa kidogo tu ili yasomeke kwa wepesi.*

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Nimeombwa na viongozi wa jumuiya nizungumze usiku huu kama mhasibu, wala si kama mufti. Fatwa zina wenyewe, nao wamekaa safu ya mbele, na pale nitakapoteleza wataninyoosha. Kazi yangu mimi ni daftari, na swali nililoletewa ni la daftari. Mtu ana biashara ndogo, nayo inakwenda, ila fedha za kuikuza hana. Je, akope, au amwingize mtu mwenye mtaji apewe fungu katika biashara ile?

Wengi wetu hudhani swali hili limekwisha jibiwa. Husema riba ni haramu, kwa hiyo usikope, tafuta mshirika, mambo yamekwisha. Sivyo, ndugu zangu. Kilichoharamishwa ni riba. Deni lenyewe ni halali. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni: liandikwe, muda wake utajwe, mashahidi wawepo. Muislamu basi ana milango miwili iliyo wazi, deni lisilo na riba na ushirika, na bado anapaswa kuchagua mmoja. Uchaguzi huo haumalizwi na hukumu ya halali na haramu peke yake. Humalizwa na hesabu, na pia na tabia za watu wawili watakaoshirikiana.

Ili tuuone mpaka uliopo baina ya milango hiyo, tumsikilize Imam Malik. Katika Muwatta, kwenye mlango wa qiradi, ambao sisi huuita mudharaba, anasimulia habari ya watoto wawili wa Sayyidna Umar, Abdullah na Ubaydullah. Walitoka na jeshi kwenda Iraq, na katika kurudi wakampitia Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa amiri wa Basra. Abu Musa alikuwa na mali ya umma aliyotaka kuipeleka Madina. Akawakopesha wale vijana mali ile, wanunue bidhaa za Iraq, wakaziuze Madina, wamkabidhi Amirul Muuminin mali ya asili, na faida iwe yao. Wakafanya hivyo, wakapata faida.

Sayyidna Umar alipopata habari akauliza kama kila askari katika jeshi alikopeshwa vile. Hakukopeshwa. Akawaamuru watoe mali na faida yake yote. Abdullah akanyamaza. Ubaydullah akatoa hoja, na hoja hiyo ndiyo roho ya mazungumzo yetu: lau mali ile ingepungua au kupotea njiani, wao ndio wangelazimika kuilipa. Sayyidna Umar akashikilia kauli yake, na Ubaydullah akairudia hoja yake. Ndipo mtu mmoja katika waliokuwa hapo akapendekeza ihesabiwe kuwa qiradi. Sayyidna Umar akakubali, akaichukua mali ya asili na nusu ya faida, nao wakabaki na nusu nyingine.

Tazameni lile alilolishika Ubaydullah. Aliyebeba hatari ya mali kupotea ndiye mwenye haki ya faida. Ukikopa, hatari yote ni yako na faida yote ni yako, na aliyekukopesha hana ila kile alichokupa. Ukimshirikisha mwenye mtaji, naye amebeba hatari ya mtaji wake, kwa hiyo ana fungu katika faida. Mkataba wowote utakaoletewa, uwe umeandikwa kwa Kiarabu, kwa Kiingereza au haukuandikwa kabisa, uulize swali la Ubaydullah: ikipotea, nani analipa?

Na hili si geni kwetu. Waliokulia Lamu, Pemba au Bagamoyo wanajua jinsi samaki wanavyogawiwa pwani. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na wavuvi wana mafungu yao. Siku ya kurudi patupu, mwenye chombo hamdai mvuvi kitu. Siku ya neema hupata zaidi ya ambavyo angepata kwa kukikodisha chombo chake. Babu zetu waliutumia ushirika bila ya kuusoma katika vitabu vya benki.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Nimechagua mfano mmoja tu ili tusipotee njiani. Ni mfano wa kutunga, ila umbo lake mtalitambua.

Tuseme dada yetu mmoja ana mkahawa mdogo hapa Rockville: biriani, sambusa, mahamri, maharage ya nazi. Akishalipa kodi ya pango, vyakula, wafanyakazi na ujira wake mwenyewe, hubakiwa na faida ya dola 40,000 kwa mwaka. Anataka kuanzisha kazi ya kupeleka vyakula kwenye harusi na maofisini. Anahitaji gari lenye jokofu, oveni kubwa na sehemu ya jiko la pili, vyote kwa dola 60,000. Anatarajia kazi hiyo mpya imletee faida ya dola 24,000 zaidi kila mwaka, yaani jumla iwe 64,000. Kwa wepesi tuchukulie kwamba faida hapa ni fedha taslimu zinazobaki mkononi.

Mlango wa kwanza ni deni. Akimpata ndugu wa kumkopesha karadha hasana, yaani 60,000 arudishe 60,000, basi hakuna hesabu ya kufanya, amshukuru Mola wake. Lakini ndugu wa namna hiyo ni adimu, kwa hiyo tuchukue deni la mauzo. Mwenye fedha anavinunua vifaa vile, vinakuwa milki yake kwa hakika, kisha anamuuzia dada yetu kwa dola 72,000 zitakazolipwa kwa miaka mitano. Hiyo ndiyo murabaha ya muda. Bei imefungwa siku ya mkataba, na atalipa 1,200 kila mwezi, yaani 14,400 kwa mwaka.

Mwaka ukiwa mzuri, anatoa 14,400 katika 64,000 na anabakiwa na 49,600. Amezidisha 9,600 juu ya alichokuwa akipata zamani. Na baada ya miaka mitano deni limekwisha, 64,000 zote ni zake, hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba. Mwaka ukiwa mbaya, faida ya mkahawa na kazi mpya kwa pamoja ikashuka hadi 10,000, bado anadaiwa 14,400. Zile 4,400 zinazopungua zitatoka katika akiba yake, au katika ujira wake, au katika mahari ya bintiye. Deni halijui kuwa harusi zimepungua mwaka huu. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hawakusema hivyo kwa ajili ya riba tu.

Mlango wa pili ni hisa. Ndugu mmoja anasema, mimi nitatoa 60,000, nipe fungu. Fungu gani? Hapa kwanza biashara ithaminiwe. Tuseme wamekubaliana kwamba mkahawa ulivyo leo una thamani ya mara tatu ya faida yake ya mwaka, yaani 120,000. Ukiongeza 60,000 za mshirika, jumla ni 180,000, na mshirika ana theluthi moja. Inaonekana ni haki tupu, na watu hupeana mikono hapo hapo.

Subirini kidogo. Mwaka mzuri wa 64,000, mshirika anachukua theluthi, dola 21,333. Dada yetu anabakiwa na 42,667. Kabla ya mshirika kuingia alikuwa akipata 40,000! Amejenga jiko la pili, ameendesha gari usiku, ameongeza wafanyakazi wa kuwasimamia, na kilichoongezeka kwake ni dola 2,667 kwa mwaka. Karibu nyongeza yote imekwenda kwa mshirika. Kisa chake ni kwamba mshirika hakununua theluthi ya kazi mpya. Alinunua theluthi ya kila kitu, pamoja na mkahawa ambao dada yetu aliujenga kwa miaka mingi kabla hajamjua. Na baada ya miaka mitano kama hiyo, mshirika ameshapokea zaidi ya dola 106,000, na theluthi yake bado iko pale pale.

Nimeliona kosa hili mara nyingi katika kazi yangu, na halitokani na hila. Watu hutazama fedha inayoingia wakasahau kutazama fungu linatolewa katika nini.

Lakini tumfanyie insafu mshirika. Mwaka mbaya wa 10,000, yeye anachukua 3,333 tu, na dada yetu anabakiwa na 6,667 bila ya mtu kumgongea mlango. Mwaka wa hasara ya 9,000, mshirika anabeba 3,000 katika hizo. Ukitaka kujua mahali milango miwili inapokutana, ni pale ambapo theluthi ya faida ni sawa na 14,400, yaani faida ya jumla ikiwa 43,200. Chini ya hapo, kwa mwaka ule, hisa ni nyepesi kuliko deni. Juu ya hapo deni ni rahisi zaidi, tena deni lina siku ya mwisho. Basi dada yetu asijiulize tu anachotarajia. Afungue daftari la miaka mitatu iliyopita, atafute miezi kumi na miwili iliyokuwa mibaya kuliko yote, aone kama 1,200 za kila mwezi zingelipika. Na mkahawa wa Waislamu una jambo lake la pekee: mwezi huu wa Ramadhani wateja wa mchana huondoka na oda za futari hupanda, nao mwezi wenyewe husogea mbele kama siku kumi na moja kila mwaka wa kizungu. Anayelinganisha Machi na Machi atadanganyika.

Kuna njia ya tatu, na mimi naipendelea kwa biashara zetu nyingi. Mshirika asiingie katika mkahawa. Aingie katika kazi mpya peke yake. Yeye anatoa 60,000, dada yetu anatoa kazi na ujuzi, na faida ya kazi ya kupeleka vyakula wanaigawa nusu kwa nusu. Ikileta 24,000, kila mmoja anapata 12,000, na dada yetu ana jumla ya 52,000, zaidi ya alichokuwa akibakiwa nacho chini ya deni. Ikileta sifuri, mshirika hapati kitu, na zile 40,000 za mkahawa hazikuguswa. Ikifa kabisa na vifaa vikauzwa kwa 25,000, mshirika amepoteza 35,000 na dada yetu amepoteza jasho lake, maadamu hakufanya uzembe wala hakukiuka masharti. Akifanya uzembe, analipa.

Wanafunzi waliosoma Minhaji ya Imam Nawawi wameshaanza kutikisa vichwa, nami nawaona. Ni kweli. Katika madhehebu yetu ya Shafi, qiradi ni ya kununua na kuuza, na Imam Nawawi anataja waziwazi mfano wa mtu aliyepewa mali anunue ngano, aisage, aoke mikate na kuuza, akasema mkataba huo haufai. Yaani mfano wetu wa mahamri hasa! Wanazuoni wa Kihanafi na Kihanbali wamekuwa wapana zaidi katika hili, na mikataba ya taasisi za kifedha za Kiislamu leo hufuata upana huo. Vilevile katika ushirika wa mitaji, Mashafi wanataka faida ifuate mitaji, ilhali wengine wanaruhusu igawiwe kwa makubaliano. Viwango vya taasisi ya AAOIFI, yenye makao Bahrain, vinaruhusu makubaliano hayo, ila mshirika aliyeshurutisha kuwa hatafanya kazi asipewe faida inayozidi kiwango cha mtaji wake. Wote hao, bila ya hitilafu, wanakubaliana kwamba hasara hufuata mtaji. Sitachagua madhehebu kwa niaba yenu. Mkae na shekhe kabla ya kukaa na mwanasheria, kwa sababu jibu lake linabadilisha tarakimu za mkataba.

Njia hii ya tatu ina ugonjwa wake, nao ni daftari. Jiko ni moja, pipa la mafuta ni moja, mpishi ni yule yule asubuhi kwa mkahawa na jioni kwa harusi. Nani analipia mchele upi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Wakubaliane mwanzoni: akaunti ya benki iwe mbali, risiti ziwe mbali, na gharama za pamoja zigawiwe kwa kanuni moja iliyoandikwa, kwa mfano kwa kadiri ya mauzo ya kila upande. Dalili ya kwamba mambo yanaharibika ni hii: mwezi ule ule ambao faida ya kazi ya harusi imeshuka bila ya mauzo kushuka, faida ya mkahawa imepanda. Huenda hakuna aliyeiba. Gharama zimehamia tu upande wenye mshirika. Mshirika akiona hivyo miezi miwili mfululizo, ana haki ya kuuliza, na mwenye biashara asikasirike.

Sasa kutoka. Wengi huandika namna ya kuingia na kuisahau njia ya kutokea. Ushirika wenye kupungua, musharaka mutanaqisa, ni mfano mzuri: mmoja analinunua fungu la mwenzake kidogo kidogo mpaka limalizike. Hapa jirani, Reston, Virginia, iko kampuni ya Guidance Residential ambayo tangu mwaka 2002 imekuwa ikiwasaidia Waislamu kupata nyumba kwa umbo la ushirika wa namna hiyo. Lakini nyumba ni nyumba na biashara ni biashara. Katika biashara, kwa mujibu wa viwango vile vya AAOIFI, haifai kuahidi tangu siku ya kwanza kwamba utalinunua fungu la mshirika kwa bei ile ile aliyoingilia. Ukiahidi hivyo umemdhaminia mtaji wake, na aliyedhaminiwa mtaji amerudi kuwa mkopeshaji. Mnunuliane kwa thamani ya siku ya kununua. Andikeni nani atathamini, kwa njia gani, na mara ngapi. Kwa biashara ndogo inatosha kusema: wastani wa faida ya miaka mitatu, mara tatu, kwa hesabu zilizotayarishwa na mhasibu asiye ndugu wa yeyote kati yenu.

Hapo ndipo ninapokutana na mkataba ambao ni mwingi kuliko yote miongoni mwetu. Mtu anasema: chukua hizi 60,000, mimi ni mshirika wako, nipe 500 kila mwezi kama faida yangu, na baada ya miaka mitano unirudishie 60,000 zangu. Jina lake wameliita ushirika. Muulizeni swali la Ubaydullah. Ikipotea, nani analipa? Analipa dada yetu. Na 500 hutoka hata mwezi ambao hakuna faida. Huo ni mkopo wenye riba ya asilimia kumi kwa mwaka, uliovaa kanzu. Vilevile deni la mauzo: bei ikifungwa na ikabaki imefungwa, ni deni halali. Kama kipo kipengele kinachosema ukichelewa mwezi mmoja deni litaongezeka na nyongeza ni ya muuzaji, riba imerudi kwa mlango wa uani. Kisomeni kipengele cha kuchelewa kabla ya kusoma bei.

Niseme sasa kidogo juu ya nchi tunayoishi, maana sheria zake haziulizi nia zetu.

Kwanza, msikae bila ya maandishi. Hapa Maryland watu wawili wakiendesha biashara pamoja kwa faida kama wamiliki, bila ya kusajili kampuni, sheria inaweza kuwahesabu kuwa washirika hata kama hawakukusudia. Pasipo mapatano mengine, faida ni sawa kwa sawa bila ya kujali nani alitoa kiasi gani, na kila mmoja anaweza kudaiwa madeni yote ya biashara. Ndugu aliyetoa 60,000 akidhani hatari yake inaishia hapo, anaweza kushangaa. Kwa hiyo sajilini LLC, na muandike mapatano ya ndani. Zile LLC zenye wamiliki wawili, kwa kawaida, hutozwa kodi kama ushirika: biashara hujaza fomu 1065, na kila mmiliki hupewa karatasi ya K-1 inayoonyesha fungu lake la faida. Kodi hutozwa juu ya fungu hilo hata kama fedha haikugawiwa na imebaki ndani ya biashara. Nimeona undugu ukitetereka kwa karatasi hiyo peke yake, mmoja akidaiwa kodi ya fedha ambayo hakuishika. Andikeni kwamba kila mwaka, kabla ya lolote, kila mmoja atapewa kiasi cha kulipia kodi yake.

Pili, mshirika aliye ng'ambo. Wengi wetu tuna kaka Muscat au shangazi Mombasa mwenye uwezo. Akiwa si mkaazi wa Marekani kwa hukumu ya kodi na akawa mmiliki katika LLC ya namna hiyo, biashara inalazimika kuzuia kodi juu ya fungu lake la faida na kuipeleka serikalini, na kwa mtu binafsi huzuiwa kwa kiwango cha juu kabisa. Asiyezuia anadaiwa yeye. Mtu huyo huyo akikukopesha bila riba, mzigo huo haupo. Hapa basi deni linaweza kushinda hisa kwa sababu ya kodi tu. Na kwa karadha baina ya ndugu walioko humu nchini, jueni kwamba mikopo isiyo na riba inayozidi dola 10,000 ina kanuni zake: mamlaka ya kodi inaweza kumhesabia mkopeshaji riba ambayo hakuipokea. Habari njema ni kwamba mkopo wa kusaidiana usiozidi dola 100,000, ambapo mkopaji hana mapato ya uwekezaji yanayozidi dola 1,000 kwa mwaka, riba hiyo ya kuhesabiwa huwa ni sifuri. Mkaandike mkataba, mlipane kwa hundi au kwa benki, msipeane bahasha.

Tatu, kuna jambo la matangazo. Kumuuzia mtu hisa ambaye hatafanya kazi, atangoja tu faida, kisheria hapa ni kuuza dhamana ya uwekezaji. Njia nyepesi ambayo wafanyabiashara wadogo huitumia kuepuka usajili mkubwa hairuhusu tangazo la hadhara. Nawaomba radhi wanaopenda kusimama baada ya sala ya Ijumaa wakisema, ndugu zangu, leteni alfu tano tano tufungue duka. Zungumzeni na watu mnaowajua, mmoja mmoja, na mwanasheria awepo mapema.

Na msidhani kwamba kuchagua hisa kumekutoeni katika madeni yote. Mwenye jengo kwa kawaida atamtaka mwenye biashara ndogo aweke saini yake binafsi katika mkataba wa pango. Mshirika anaweza kupoteza 60,000 zake akaenda nyumbani, na dada yetu akabaki anadaiwa pango la miaka iliyobaki. Hilo liingie katika kipimo pale wanapopatana mafungu, maana ni hatari aliyoibeba mmoja tu.

Mmoja wa wazee aliniuliza kabla ya sala kuhusu zaka, kwa kuwa wengi wetu hutoa mwezi huu, nikaahidi kulijibu hapa. Mshirika haitoi zaka ya oveni wala gari, maana hivyo ni vyombo vya kazi. Anatazama fungu lake katika fedha iliyomo kwenye akaunti na bidhaa za kuuzwa zilizopo siku mwaka wake unapotimia. Aliyekopesha, deni lake likiwa kwa mtu anayekiri na mwenye uwezo wa kulipa, Mashafi wanamhesabia zaka ya deni lile pia. Na dada yetu mwenyewe, aliyenunua vifaa kwa murabaha, atatazama fedha na bidhaa zake. Kama deni alilonalo linapunguza kitu katika hesabu hiyo, wanazuoni wamehitilafiana, na Shekhe wetu amesema atalieleza kesho baada ya Alasiri, inshaallah.

Waliokuja na mikataba yao mikononi, nitakuwa kwenye meza ya nyuma mpaka chai iishe. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.